Memo kwa deski ya habari Kisumu: stori ya dini ya Ijumaa isiende hivi

Mhariri, nimesoma drafti mara mbili na tafadhali isiprintiwe kabla hatujarekebisha. Kubwa kabisa ni aya ya tatu, mwandishi anasema Mkingiwa Dhambi ya Asili ni Yesu kuzaliwa na bikira, hapana, hilo ni fundisho la Wakatoliki kwamba Maria mwenyewe alitungwa mimba bila dhambi ya asili, Papa Pius wa 9 alilitangaza rasmi 1854 na sikukuu yake ni tarehe 8 Disemba, sasa wasomaji wetu wa parokia watatuonaje jameni?

Kwa Wakweka, yaani Marafiki, walifika Kaimosi 1902 si 1920, na ule mstari wa "kubatizwa mtoni" utoe, Marafiki hawabatizi kwa maji, kwao ubatizo ni wa Roho.

Halafu Ramadhani ni mwezi wa kufunga, sikukuu inayofuata ndiyo Idd-ul-Fitr. Na imamu usimuite "padri wa msikiti", hiyo inaniuma sana, majirani zetu Waislamu ni wasomaji wetu pia.

Mwambie mwandishi anipigie leo kabla ya saa kumi, tupitie pamoja.