Kweli au Si Kweli: Maswali ya Marudio kuhusu Sifa za Taarifa za Fedha na Dhana za Msingi za Uhasibu

Kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Maswali yanafuata Mfumo wa Dhana uliotolewa na Bodi ya Kimataifa ya Viwango vya Uhasibu mwezi Machi 2018. Wengi wenu mnasomea notisi mlizorithi kwa waliowatangulia, na baadhi ya notisi hizo bado zina sifa nne kuu za mfumo wa mwaka 1989, ikiwemo kuaminika. Mpangilio huo ulibadilishwa mwaka 2010. Ziwekeni pembeni.

Andika KWELI au SI KWELI, kisha sababu kwa sentensi moja. Jibu alama 1, sababu alama 1. Jibu sahihi lenye sababu mbovu halinifurahishi hata kidogo, kwa hiyo usikimbilie ukurasa wa majibu.

Sehemu A: Sifa za taarifa

1. Sifa za msingi ni mbili: taarifa ihusike na uamuzi wa mtumiaji, na iwakilishe kwa uaminifu kile inachodai kukieleza.

2. Taarifa inayoeleweka vizuri na kulinganishika kirahisi ina manufaa hata kama haihusiki na uamuzi wowote.

3. Uwakilishi wa uaminifu unataka kila kiasi kiwe sahihi mpaka senti ya mwisho.

4. Taarifa inaweza kuhusika na uamuzi kwa sababu tu inathibitisha au kurekebisha makadirio ya nyuma.

5. Bodi ya Kimataifa imeweka asilimia 5 ya faida kuwa kipimo cha uzito wa jambo kwa biashara zote.

6. Muamala mgumu kueleweka unaweza kuachwa nje ya taarifa ili wasomaji wasichanganyikiwe.

7. Ulinganifu na uthabiti ni kitu kimoja.

8. Taarifa inathibitishika iwapo tu watu wawili wenye ujuzi watapata kiasi kilekile.

9. Gharama ya kuandaa taarifa inaweza kuzingatiwa wakati wa kuamua kama itolewe.

Sehemu B: Dhana za msingi

10. Biashara iliyopata hasara mwaka huu haiwezi kuandaa hesabu kwa dhana ya biashara endelevu.

11. Tahadhari maana yake ni kushusha mali na kupandisha madeni kadiri inavyowezekana ili hesabu ziwe salama.

12. Biashara ikishachagua sera ya uhasibu, hairuhusiwi kuibadili kamwe.

13. Ujuzi wa fundi hodari wa kampuni hauonekani kwenye mizania, ingawa bila yeye kazi husimama.

Sehemu C: Duka la vifaa vya ujenzi, Morogoro

Mwaka wa hesabu wa duka unaishia 30 Juni 2025. Tarehe 1 Aprili 2025 lililipa kodi ya pango ya miezi 12, Sh 3,600,000. Mwenye duka alichukua mifuko 10 ya saruji iliyonunuliwa kwa Sh 17,000 kila mmoja, akajengea uzio wa nyumbani kwake. Stoo kuna mabati 40 yaliyonunuliwa kwa Sh 30,000 kila moja. Yamepata mikwaruzo, na sasa yatauzika kwa Sh 24,000 kila moja, na katika bei hiyo duka litalipia usafiri wa Sh 1,000 kwa bati. Tarehe 28 Juni mteja alilipa kianzio cha Sh 500,000 kwa mzigo aliopelekewa 4 Julai.

14. Gharama ya pango ya mwaka huu, kwa malipo hayo, ni Sh 3,600,000 kwa kuwa fedha zimeshatoka.

15. Saruji ya uzio ni matumizi ya duka, maana duka ni mali ya mwenyewe.

16. Mabati yataonyeshwa kwa Sh 920,000.

17. Kianzio cha mteja ni mauzo ya mwaka unaoishia 30 Juni 2025.

18. Stepla ya Sh 6,000 inaweza kuandikwa yote kama matumizi, ingawa itatumika miaka mitano.

Majibu na maelezo

1. KWELI.

2. SI KWELI. Sifa nne za kuongeza ubora, yaani ulinganifu, uthibitishikaji, kufika kwa wakati na kueleweka, haziokoi taarifa iliyokosa sifa za msingi. Bei ya saruji ya mwaka 2009 inaeleweka na kila mtu, lakini haimsaidii mkopeshaji anayeamua leo.

3. SI KWELI. Uwakilishi wa uaminifu hutaka taarifa iwe kamili, isiegemee upande wowote na isiwe na makosa. Kutokuwa na makosa hapa ni kwamba muamala umeelezwa bila kosa wala kuacha kitu, na njia ya kukadiria imechaguliwa na kutumika ipasavyo. Uchakavu wa gari ni makadirio. Ukieleza wazi kuwa ni makadirio na ukataja njia uliyotumia, umetimiza sharti.

4. KWELI. Inatosha kuwa na thamani ya kutabiri, au ya kuthibitisha, au zote mbili.

5. SI KWELI. Uzito wa jambo hutegemea biashara husika, aina ya jambo na ukubwa wake. Asilimia mnazoziona kwenye mafaili ya wakaguzi ni mwongozo wao wa kazi.

6. SI KWELI. Ukiuacha, taarifa haitakuwa kamili na inaweza kupotosha. Ueleze kwa uwazi na kwa ufupi.

7. SI KWELI. Ulinganifu ndilo lengo. Uthabiti, yaani kutumia njia zilezile mwaka hadi mwaka, husaidia kulifikia.

8. SI KWELI. Wanaweza kukubaliana kwamba maelezo ni ya uaminifu bila kulingana kabisa. Hata makadirio ya kati ya kiasi fulani na kingine huthibitishika.

9. KWELI. Manufaa yanapaswa kuzidi gharama.

10. SI KWELI. Swali ni kama biashara itaendelea. Uongozi hutazama angalau miezi 12 tangu mwisho wa kipindi. Dhana huachwa pale uongozi unapokusudia kuifunga biashara, au hauna njia nyingine ila kuifunga.

11. SI KWELI, na hapa ndipo ninapotaka mkae. Tahadhari iliondolewa mwaka 2010 na kurudishwa 2018 ikiwa na maana moja: uangalifu unapoamua katika hali isiyo na uhakika. Mali isizidishwe, na isipunguzwe pia. Deni hivyo hivyo. Mhasibu anayeficha faida ya mwaka huu kwa jina la tahadhari anaipeleka mwaka ujao, na atakayesoma hesabu za mwaka huo ataona biashara imestawi ghafla wakati hakuna kilichobadilika.

12. SI KWELI. Hubadilishwa kiwango kikitaka, au mabadiliko yakileta taarifa ya kuaminika inayohusika zaidi na maamuzi, na msomaji aelezwe.

13. KWELI. Ujuzi wake haupimiki kwa fedha kwa uhakika, na kampuni haiwezi kuumiliki.

14. SI KWELI. Aprili, Mei na Juni ni miezi 3: Sh 300,000 × 3 = Sh 900,000. Sh 2,700,000 zinazobaki ni mali, yaani pango lililolipwa kabla. Tarehe ya kutoa fedha haiamui gharama ni ya mwaka upi.

15. SI KWELI. Kwa uhasibu, duka na mwenyewe ni nafsi mbili. Sh 170,000 ni mali iliyochukuliwa na mwenye duka. Hupunguza mtaji wake na kutolewa kwenye manunuzi.

16. KWELI. Kiwango cha Kimataifa cha Uhasibu namba 2 kinataka bidhaa zionyeshwe kwa gharama au kwa kiasi halisi kitakachopatikana, kile kilicho kidogo. Gharama ni 40 × 30,000 = Sh 1,200,000. Kitakachopatikana ni 40 × (24,000 − 1,000) = Sh 920,000. Hasara ya Sh 280,000 huandikwa mwaka huu. Mwenye duka akitaka mabati yashushwe zaidi ili kuwa salama, mrudishe swali la 11.

17. SI KWELI. Mzigo haukuwa umefika kwa mteja 30 Juni, kwa hiyo duka lina deni kwake la Sh 500,000. Mauzo ni ya mwaka unaofuata.

18. KWELI. Kiasi ni kidogo mno kubadili uamuzi wa yeyote.

Aliyepata chini ya alama 24 kati ya 36 arudie sehemu C kwa kuandika maingizo ya leja, debiti na krediti, kabla ya kipindi cha Jumatatu.