Maelezo kwa Kamati ya Matumizi ya Ardhi ya Kijiji kuhusu korongo la Kitongoji cha Mlimani

Ndugu Mwenyekiti na Wajumbe,

Mliniomba nieleze kwa nini korongo lililo chini ya njia ya ng'ombe linazidi kusogea kuelekea mashambani, ingawa wananchi walilijaza udongo kabla ya masika.

Korongo hukua kwa kupanda mlima. Maji yanayokusanyika kwenye njia ya ng'ombe huanguka kutoka ukingo wa juu, ambao ndio kichwa cha korongo, yakachimba shimo chini yake hadi ukingo ubaki ukining'inia bila egemeo, kisha unaporomoka na kichwa kinasogea hatua nyingine juu. Nyufa mnazoziona kwenye shamba la mahindi, hatua mbili tatu kutoka ukingoni, zinaonyesha kipande kitakachofuata. Udongo uliomwagwa humo ulikuwa mlegevu, kwa hiyo mvua kubwa ya kwanza iliuzoa wote; kwa maoni yangu, nguvu ile ingefaa zaidi ikitumika juu ya korongo.

Kazi ya kwanza, basi, ni kuyakinga maji kabla hayajafika kichwani. Uchimbwe mtaro unaokata mteremko, ukiwa na mwinamo mdogo wa takriban nusu mita kwa kila mita 100, upimwe kwa fremu ya miti yenye umbo la A, na maji yaishie penye majani mengi. Yakiachiwa kwenye udongo mtupu, tutakuwa tumeanzisha korongo la pili, pengine kwa jirani.

Baada ya hapo ndipo vijengwe vizuizi ndani ya korongo, kuanzia juu kwenda chini, kwa mawe au kwa vigingi vilivyosukwa matawi. Kila kizuizi kiwe kifupi, kisizidi kimo cha goti au paja, na kichimbiwe ndani ya kuta zote mbili. Katikati kiwe chini kuliko pembeni ili maji yapite hapo badala ya kuzunguka na kula kingo. Chini ya mpito huo pangwe mawe ya kupokea maporomoko. Kitako cha kizuizi cha juu kilingane kwa kimo na mpito wa kile cha chini yake. Tope likijaa nyuma yake, yapandwe matete, na kingoni mkonge au minyaa, ambayo huchipua kwa vipandikizi (utomvu wake usiguse macho).

Wilayani kwetu Kondoa, mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa kabisa katika eneo lililomomonyoka. Uoto ulirudi, lakini wafugaji waliumia. Sipendekezi tufike huko. Naomba Kamati ihamishe njia ya ng'ombe, izuie malisho kandokando ya korongo kwa misimu miwili, na ipange siku za msaragambo kiangazi hiki, pamoja na watu wa kukagua vizuizi kila baada ya mvua kubwa.

Afisa Kilimo wa Kata