Ombi la usimamizi wa tasnifu ya uzamili: maneno ya hatari ya volkano mjini Goma

Bukavu, 9 Septemba 2024

Mheshimiwa Profesa,

Shikamoo. Kwetu Kivu salamu hii haitumiki sana, lakini najua huko Dar es Salaam mdogo hamfikii mkubwa bila kuitoa.

Naitwa Furaha Bahati, mwalimu wa Kifaransa katika shule ya sekondari hapa Bukavu, na nina lisansi ya isimu. Naomba unisimamie katika uzamili wa Kiswahili kwa njia ya tasnifu. Barua hii niliiandika kwanza kwa Kifaransa, lugha niliyosomea, kisha nikaitafsiri mwenyewe. Nakala ya Kifaransa nimeiambatisha, kwa sababu nataka uone pia pale nilipokwama.

Kukwama huko ndiko kulikozaa utafiti wangu. Volkano ya Nyiragongo, iliyo karibu na Goma, ililipuka jioni ya 22 Mei 2021. Alfajiri ya 27 Mei serikali ya mkoa iliamuru watu wa mitaa 10 kati ya 18 ya Goma waondoke, Majengo ukiwemo, ambako nilikuwa kwa mama. Simu zilijaa ujumbe wa Kifaransa kuhusu gesi iliyoko kilindini mwa Ziwa Kivu. Majirani wakanipa simu zao niwasomee. Nikatafsiri haraka: "Wanasema ziwa linaweza kulipuka." Mzee mmoja akaniuliza, "Kama bombe?" Kwetu kulipuka ni kwa mabomu, na mabomu tunayajua. Sikuwa na neno lingine la kumpa. Akakataa kutoka, akisema nyumba yake imeshaponea mengi. Wengine wakaenda Sake kwa miguu bila kujua wanakimbia kitu gani.

Na bado watu wa Goma hawakosi maneno. Gesi ya kaboni dayoksidi inayojikusanya mabondeni na kuua mbuzi, hata watu, bila harufu wala sauti, wanaiita mazuku, na wanasayansi wenyewe wamelichukua neno hilo katika maandishi yao. Mawe ya lava wanayojengea nyumba ni makoro. Mlipuko wa 17 Januari 2002, uliopeleka lava katikati ya mji hadi ziwani, umeacha usemi wake kwa waliouona. Kwa nini basi tahadhari haianzi na maneno haya?

Naomba kuchunguza mambo matatu: wenyeji wanaitaje hatari za volkano na za ziwa; matangazo ya tahadhari yanapotoka Kifaransa kuingia Kiswahili, maana gani hupotea au hubadilika; na istilahi gani zingeeleweka Goma bila kumchanganya msemaji wa Kiswahili sanifu. La tatu ndilo linaloniogopesha zaidi, na ndilo ninalohitaji msaada wako. Nimesoma maandishi yako kuhusu uundaji wa istilahi, nami naamini kwamba neno lililobuniwa mezani lisipopimwa kwa watakaolitumia halijakamilika.

Data zitakuwa za aina mbili. Nimeshahifadhi jumbe 140 za simu za Mei na Juni 2021, nilizopewa na wenyewe kwa ridhaa. Majina na namba nimeziondoa. Nitaongeza mahojiano na watu 45 wa Majengo, Himbi na wilaya ya Nyiragongo, wakiwemo waliokuwa watu wazima mwaka 2002. Kila mmoja atasomewa tangazo lilelile kwa namna mbili, kisha aeleze kwa maneno yake angefanya nini. Rangi za tahadhari pia, kijani, njano, machungwa na nyekundu, nitaziulizia: njano inamwambia mama wa sokoni afanye nini hasa? Hali ya usalama ikizuia safari ya Goma, nitahoji wenye asili ya mitaa hiyo wanaoishi hapa Bukavu. Sitamlazimisha yeyote kusimulia msiba wake.

Nakadiria miezi 18: sita ya kusoma na kuandaa maswali, minne ya uwandani, minane ya uchambuzi na uandishi. Ada ya mwaka wa kwanza ninayo. Kwa mwaka wa pili nitaomba ufadhili, na sikuombi ubebe jambo hilo.

Nimeambatisha wasifu wangu, nakala za vyeti, pendekezo la kurasa sita, na sura moja ya kazi yangu ya lisansi kuhusu maneno ya wauzaji wa soko la Kadutu. Ukiona mada haiko katika eneo lako, nitashukuru ukinielekeza kwa mwenzako. Ukiona inafaa lakini ni pana mno, niambie nikate wapi. Mimi ningeanza kuacha rangi, nibaki na ziwa.

Naweza kuzungumza nawe kwa simu siku yoyote baada ya saa tisa alasiri kwa saa za Bukavu, yaani saa kumi kwenu.

Wako mtiifu,

Furaha Bahati
Bukavu, Kivu ya Kusini