Zoezi la Kweli au Si Kweli: Neno Moja Linaloamua

Darasa la Saba, Jiji la Dodoma. Mwanzoni mwa Juni, kabla ya kufunga shule.
Muda: saa moja na nusu. Jumla: alama 45.

Wanangu, katika jaribio la mwezi uliopita nilisahihisha karatasi nyingi ambazo kila sentensi yenye neno "daima" ilijibiwa SI KWELI, hata pale ambapo ilikuwa kweli tupu. Nilipouliza, mkaniambia kuna mtu aliwafundisha kwamba ukiona "daima", "wote" au "kamwe", usisumbuke, andika SI KWELI. Hiyo ni kubahatisha. Humu ndani kuna "daima" za kweli na "daima" za uongo, nami nimezichanganya kwa makusudi. Anayebahatisha hatafika mbali.

Kumbukeni jambo hili moja kabla ya kushika kalamu. Sentensi yenye "wote" au "daima" huvunjwa na mfano mmoja tu. Lakini ukitaka kusema ni kweli, mifano hata mia haitoshi, toa sababu.

SEHEMU A (alama 30)

Kwa kila sentensi andika KWELI au SI KWELI (alama 1). Nakili neno linaloamua jibu (alama 1). Kama ni SI KWELI, toa mfano unaoivunja. Kama ni KWELI, toa sababu fupi (alama 1).

1. Vitenzi vyote vya Kiswahili huishia na irabu *a*.
2. Mbu dume kamwe hamuumi mtu.
3. Maji safi daima huchemka yakifika nyuzi joto 100 za Selsiasi.
4. Ukijumlisha namba witiri mbili, jibu daima ni namba shufwa.
5. Namba tasa zote ni witiri.
6. Wabunge wote wa Bunge la Tanzania huchaguliwa na wananchi majimboni.
7. Kivuli cha mlingoti wa bendera hapa shuleni, kinapokuwa kifupi kabisa mchana, daima huelekea kusini.
8. Baadhi ya nyoka hawana sumu.
9. Makao makuu ya Serikali yamekuwa Dodoma siku zote tangu Uhuru.
10. Kila pembetatu uichorayo kwenye daftari, jumla ya pembe zake za ndani ni nyuzi 180.

SEHEMU B (alama 12)

Sentensi za kila kundi zinafanana. Zitofautishe kwa makini, kisha andika KWELI au SI KWELI kwa kila moja.

11. (a) Mwaka unaogawanyika kwa 4 bila baki daima huwa na siku 366.
(b) Mwaka unaogawanyika kwa 4 bila baki mara nyingi huwa na siku 366.
(c) Mwaka usiogawanyika kwa 4 bila baki kamwe hauwi na siku 366.

12. (a) Kila mraba ni mstatili.
(b) Kila mstatili ni mraba.
(c) Baadhi ya mistatili ni miraba.

13. (a) Nomino zote zinazoanza na *ki-* huchukua upatanisho wa *ki-*, kama "kiti kimevunjika".
(b) Baadhi ya nomino zinazoanza na *ki-* huchukua upatanisho wa *ki-*.
(c) Hakuna nomino inayoanza na *ki-* inayochukua upatanisho wa *a-*.

14. Darasa lina wanafunzi 48. Jumatatu walifika 45.
(a) Wanafunzi wote hawakufika.
(b) Si wanafunzi wote waliofika.
(c) Hakuna mwanafunzi aliyefika.

SEHEMU C (alama 3)

Kila sentensi hapa chini si kweli. Badili neno moja tu ili iwe kweli. Usiongeze wala usipunguze neno.

15. Ndege wote huruka.
16. Mvua ya Dodoma hunyesha miezi yote.
17. Metali zote ni yabisi katika joto la kawaida la darasani.

*Acha kusoma hapa mpaka umalize. Majibu yanaanza chini.*

MAJIBU NA MAELEZO

1. SI KWELI. Neno: *vyote*. Chukua *jibu*, *samehe*, *safiri*, *fikiri*. Vitenzi vya namna hii tumevipokea kutoka Kiarabu, na vimebaki na miisho yake. Ingeandikwa "vitenzi vingi", ungeandika KWELI.

2. KWELI. Neno: *kamwe*. Mbu dume hunyonya utomvu na maji matamu ya mimea. Damu hutafutwa na jike, kwa sababu anaihitaji ili mayai yake yakomae. Hii ni "kamwe" ya kweli, na ndipo wale wa kubahatisha wanapoangukia. Msije mkaipindua, lakini: si kila mbu jike anaeneza malaria. Kazi hiyo hufanywa na anofelesi jike aliyebeba vimelea.

3. SI KWELI. Neno: *daima*. Hapa sikubali jibu lisilo na sababu, maana mfano uko jikoni kwenu. Maji huchemka kwa nyuzi 100 pale kanieneo ya hewa inapokuwa ile ya usawa wa bahari, kama Dar es Salaam au Tanga. Dodoma tuko juu, kama mita 1,100. Hewa inayoyakandamiza maji ni pungufu, kwa hiyo huchemka mapema, kwenye nyuzi 96 hivi. Sufuria ya bibi yako pale Kikuyu au Chamwino haijawahi kuchemsha maji ya kawaida kwa nyuzi 100 hata siku moja. Mwanafunzi aliyeandika KWELI kwa sababu ameisoma namba 100 mahali, nitamwelewa, lakini alama sitampa. Neno "daima" linabeba milima yote.

4. KWELI. Neno: *daima*. Ukiandika "3 + 5 = 8, 7 + 9 = 16" umetoa mifano, hujatoa sababu. Sababu ni hii: panga karanga mbili mbili. Idadi witiri hubakiza karanga moja isiyo na mwenzake. Fungu la pili nalo hubakiza moja. Hizo mbili zilizobaki zinaoana, na hakuna inayosalia peke yake. Haijalishi mafungu ni makubwa kiasi gani. Ndiyo maana "daima" hii haivunjiki.

5. SI KWELI. Neno: *zote*. 2 ni namba tasa na ni shufwa. Ni peke yake, lakini yatosha.

6. SI KWELI. Neno: *wote*. Bunge liko hapa hapa jijini kwetu, kwa hiyo hili lijueni vizuri. Wapo wabunge wa majimbo. Wapo wanawake wa viti maalumu, wanaopatikana kupitia vyama vyao. Rais anaweza kuteua wabunge wasiozidi 10. Watano huchaguliwa na Baraza la Wawakilishi la Zanzibar, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali ni mbunge kwa wadhifa wake. Ukitaja kundi moja tu kati ya haya, umepata.

7. SI KWELI. Neno: *daima*. Najua wengi mmekosa, na najua kwa nini. Wiki hii tulitoka nje mara tatu kupima kivuli, muda wa saa sita na nusu na dakika chache, na mara zote kilielekea kusini. Mkaona, mkaamini. Lakini tulipima Juni tu. Mwezi huu jua liko kaskazini yetu. Mwanzoni mwa Oktoba litapita utosini, na tangu hapo hadi mwanzoni mwa Machi linakuwa kusini yetu, kivuli kinageukia kaskazini. Siku tatu za mwezi mmoja haziwezi kuisemea "daima". Tutapima tena Novemba; watakaokuwa wameshamaliza mtihani wa taifa waje na fimbo zao, nitakuwepo.

8. KWELI. Neno: *baadhi*. Chatu hana sumu. Humviringa mnyama na kumbana. Sentensi ya "baadhi" inasimama kwa mfano mmoja tu. Lakini kwenye shamba la uwele ukiona nyoka usiyemjua, usimshike ili kuhakiki jibu lako.

9. SI KWELI. Maneno: *siku zote*. Tulipopata Uhuru mwaka 1961, makao makuu yalikuwa Dar es Salaam. Uamuzi wa kuhamia Dodoma ulifanywa mwaka 1973, na sheria ya kuitangaza Dodoma kuwa makao makuu ilipitishwa mwaka 2018.

10. KWELI. Neno: *kila*. Chora mstari upitao kwenye ncha ya juu, sambamba na kitako. Pembe mbili za kitakoni zinahamia juu kama pembe mbadala, zinaungana na ile ya tatu, na zote zinakaa kwenye mstari mnyoofu. Anayekata karatasi na kupanga ncha tatu pamoja nitampa alama pia.

11. (a) SI KWELI. Mwaka 1900 unagawanyika kwa 4 lakini ulikuwa na siku 365. Miaka ya mamia sharti igawanyike kwa 400, ndiyo maana 2000 ulikuwa na siku 366. (b) KWELI. (c) KWELI. Tazama (a) na (b): "daima" imekuwa "mara nyingi", na jibu limegeuka.

12. (a) KWELI. (b) SI KWELI. Ubao wa darasani ni mstatili na si mraba. (c) KWELI. Wapo mnaosema mraba "si mstatili kwa sababu pande zake ni sawa". Mstatili unadai pembe nne za nyuzi 90, na mraba anazo zote.

13. (a) SI KWELI. Tunasema "kiongozi amefika", "kipofu amekaa". (b) KWELI. (c) SI KWELI. Mfano ninaoupenda ni *kiboko*: yule wa mtoni *amezama*, na kile cha kuchapia *kimepotea*. Neno moja, upatanisho mbili.

14. Hapa ndipo nilipotumia muda mrefu kuliko pote. (b) ni KWELI, kwa sababu watatu walikosekana. (c) ni SI KWELI. Na (a)? Mtaani tunasikia "wote hawakufika" ikiwa na maana kwamba baadhi walikosa. Lakini kwenye karatasi, "wanafunzi wote hawakufika" inamhusu kila mmoja: yule hakufika, huyu hakufika, hadi wa 48. Kwa hiyo ni SI KWELI. Aliyeandika KWELI lakini akafafanua maana zote mbili nimempa alama yake, kwa kuwa ameiona hatari yenyewe. Kinyume cha "wote walifika" ni "si wote waliofika". Sio "hakuna aliyefika". Ukikanusha, liweke "si" mbele ya "wote".

15. *wengi*. Mbuni haruki.

16. *michache*. Kwetu mvua huja kati ya Novemba au Desemba na Aprili, kisha kiangazi kirefu. Walioandika "mingi" nimewakosesha; waulizeni wazee wanaolima mtama.

17. *nyingi*. Zebaki ni metali, nayo ni kimiminika. Wawili wameandika "Baadhi ya metali ni yabisi". Sentensi hiyo ni kweli, ila "baadhi ya" ni maneno mawili mahali pa moja, na agizo lilisema usiongeze neno. Nimewapa nusu alama.