Jenereta ya petroli, wati 2,000: mwongozo wa haraka wa kuwasha na kuzima

Karatasi hii ni ya wafanyakazi wote wa nyumba ya wageni hapa Njiro, zamu ya mchana na ya usiku. Ibandikwe ukutani, karibu na mlango wa stoo. Nimeiandika kutoka kwenye kurasa za kitabu cha jenereta nilizozipiga picha kwa simu. Maelezo ya kuwasha nimeyafupisha, lakini maonyo yote yamebaki kamili, na kila onyo liko juu ya hatua linayoihusu ili lisomwe kabla ya kugusa mashine.

HATARI: ukipuuza, utakufa au utaumia vibaya.
ONYO: ukipuuza, unaweza kufa au kuumia vibaya.
TAHADHARI: ukipuuza, unaweza kuumia kidogo au kuharibu mashine.

Kabla ya kuwasha

HATARI: Moshi wa jenereta una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Inaua ndani ya dakika chache. Usiwashe jenereta ndani ya nyumba, stoo au gereji, hata kama milango na madirisha yako wazi. Iweke nje, mbali na madirisha, milango na matundu ya hewa.

Kwetu maana yake ni hii: jenereta inakaa nyuma ya tenki la maji, ekzosi ikielekea ukuta wa uzio, siyo vyumba vya wageni. Mvua ya masika isiwe sababu ya kuisogeza barazani. Mtu akilalamika kichwa kinamuuma, anaona kizunguzungu au kichefuchefu wakati inanguruma, mpeleke kwenye hewa safi kwanza, kisha izimwe na apelekwe hospitali, hata akisema amepata nafuu.

1. Iweke sehemu tambarare na kavu, mita 1 au zaidi kutoka ukutani.

TAHADHARI: Jenereta husafirishwa bila oili. Kuiwasha bila oili kutaharibu injini.

2. Fungua kijiti cha oili, kifute, kichomeke bila kukikaza, kisha kitoe usome. Oili ikiwa chini ya alama ya juu, ongeza SAE 10W-30.

ONYO: Petroli huwaka na kulipuka kwa urahisi. Zima injini na uiache ipoe kabla ya kujaza. Usivute sigara, usiwe na moto au cheche karibu. Petroli iliyomwagika ifutwe, na mvuke wake utawanyike kabla ya kuwasha.

3. Jaza petroli hadi alama nyekundu ndani ya tenki, isipite. Funga mfuniko mpaka usikie mlio. Dumu la akiba lirudi mbali na mashine.

Kuwasha

4. Hakikisha hakuna kitu kilichochomekwa kwenye soketi.
5. Fungua koki ya mafuta, kisha weka swichi ya injini kwenye ON.
6. Injini ikiwa baridi, funga choki. Ikiwa bado ina moto, iache choki wazi.
7. Vuta kamba taratibu mpaka uhisi uzito, kisha ivute kwa nguvu. Irudishe kwa mkono, usiiachie.
8. Ikinguruma, fungua choki kidogo kidogo. Subiri dakika 3.

Kuchomeka vifaa

HATARI: Usiunganishe jenereta na nyaya za nyumba isipokuwa kwa swichi ya kubadilishia iliyofungwa na fundi umeme mwenye leseni. Umeme unaweza kurudi kwenye laini na kumuua fundi anayeirekebisha.

Hapa kwetu swichi hiyo haijafungwa. Basi ni marufuku kuchomeka jenereta kwenye soketi ya ukutani, hata kwa dakika moja. Mafundi wa TANESCO wanaofanya kazi wakati umeme umekatika ndio watakaopigwa.

ONYO: Usiguse jenereta kwa mikono mibichi. Usiitumie kwenye mvua.

9. Chomeka vifaa kimoja kimoja, kikubwa kwanza. Friji ianze, itulie, ndipo taa na ruta.

Kitabu kinasema nguvu hupungua kadiri mwinuko unavyoongezeka, takriban asilimia 1 kwa kila mita 100. Arusha tuko karibu mita 1,400, kwa hiyo msipite wati 1,700. Birika la umeme pekee linaweza kula wati 2,000, na pampu ya maji huvuta mara kadhaa ya nguvu yake inapoanza. Vyote viwili visichomekwe. Pasi nayo isubiri umeme urudi.

10. Breka ikijikata, chomoa vifaa vyote, kisha irudishe. Ikikata tena bila mzigo, zima na umwite fundi.

Kuzima

ONYO: Ekzosi hubaki na moto mkali baada ya injini kuzimwa. Usiguse wala kufunika mashine mpaka ipoe.

11. Chomoa vifaa vyote na uiache injini dakika 2 bila mzigo.
12. Weka swichi kwenye OFF, kisha funga koki ya mafuta.
13. Andika kwenye daftari la zamu saa ya kuwasha na ya kuzima. Oili ya kwanza hubadilishwa baada ya saa 20 za kazi, halafu kila saa 100, na bila daftari hakuna atakayejua zimefika.

Moto ukizuka: ondokeni wote, pigeni 114, msimwagie maji moto wa petroli.