Sumaku ya umeme: mizunguko zaidi au betri zaidi?

Ripoti ya mradi wa fizikia, kundi la wanafunzi watatu

Swali letu

Msumari wa chuma ukizungushiwa waya na waya ukapitisha umeme, msumari unakuwa sumaku. Hilo tulishaliona darasani. Tulichotaka kujua ni hiki: ukiongeza mizunguko ya waya, au ukiongeza betri, sumaku inapata nguvu kiasi gani? Je, mara mbili ya kitu inaleta mara mbili ya nguvu?

Kabla ya kuanza, kila mmoja aliandika anachotarajia. Wote watatu tuliandika kwamba mizunguko mara mbili na betri mara mbili zitaleta nguvu mara mbili. Tulipatia nusu.

Vifaa

Msumari mnene wa urefu wa sentimita 10. Mita 4 za waya mwembamba wa shaba uliopakwa vanishi, unene wa milimita 0.4, betri kubwa tatu za volti 1.5, ammita, swichi, msasa, na boksi la klipu ndogo za karatasi, zote za aina moja.

Vanishi ya waya ndiyo inayozuia umeme usiruke kutoka mzunguko mmoja kwenda wa jirani. William Sturgeon, aliyetengeneza sumaku ya umeme mwaka 1825, alitumia waya mtupu, kwa hiyo alipaka vanishi chuma chenyewe na kuiacha mizunguko yake ikiwa imeachana. Sisi tuliweza kuibananisha. Lakini vanishi hiyohiyo ilitupotezea dakika kumi za mwanzo: sindano ya ammita haikusogea kabisa mpaka tulipokumbuka kukwangua ncha mbili za waya kwa msasa hadi shaba ing'ae.

Tulivyofanya

Sehemu ya kwanza, betri moja. Tulianza kuzungusha waya karibu na ncha ya msumari: mizunguko 20, tukapima, tukaongeza hadi 40, 60, 80, kisha 100. Waya hatukuukata. Sehemu ambayo haijazungushwa tuliilaza mezani, mbali na msumari, ili umeme upite kwenye mita zilezile 4 kila mara. Tungekata waya mfupi kwa mizunguko michache, ukinzani ungepungua na mkondo ungepanda, na hapo tusingejua ni kipi kimeleta tofauti. Ammita ilisoma ampea 1.6 katika vipimo vyote vitano.

Kupima ni hivi: ncha ya msumari inazamishwa kwenye rundo la klipu, swichi inawashwa, msumari unainuliwa polepole, klipu zilizonasa zinahesabiwa, swichi inazimwa. Yote ndani ya sekunde tano. Kila kipimo tulikirudia mara tatu.

Sehemu ya pili, mizunguko 60 bila kubadilisha, betri moja, mbili, halafu tatu kwa mfululizo.

Matokeo

Betri moja, ampea 1.6:

| Mizunguko | Klipu, mara tatu | Wastani |
|---|---|---|
| 20 | 4, 4, 5 | 4.3 |
| 40 | 9, 8, 9 | 8.7 |
| 60 | 13, 12, 14 | 13.0 |
| 80 | 16, 17, 17 | 16.7 |
| 100 | 19, 20, 19 | 19.3 |

Mizunguko 60:

| Betri | Mkondo (ampea) | Wastani wa klipu |
|---|---|---|
| 1 | 1.6 | 13.0 |
| 2 | 2.5 | 20.0 |
| 3 | 3.0 | 23.3 |

Siku mizunguko 100 iliposhindwa

Mistari miwili ya mwisho ya jedwali la kwanza ni ya jaribio la pili. Katika jaribio la kwanza tulitoka 60 moja kwa moja hadi 100, na mizunguko 100 iliinua klipu 4 tu, sawa na mizunguko 20! Tukabadilisha betri, tukakwangua ncha upya. Ammita ilisema 1.6, kama kawaida. Umeme ulikuwapo, sumaku haikuwapo.

Mwalimu hakutujibu. Alituambia tu tufuate waya kwa kidole kuanzia ncha ya msumari. Kidole kilizunguka kulia mara 60, halafu kikageuka na kuanza kuzunguka kushoto. Tulikuwa tumepumzika baada ya 60, na aliyepokea msumari aliendelea upande wake. Mizunguko 40 ya kinyume ilifuta 40 kati ya zile 60, ikabaki 20. Ndiyo maana klipu zilikuwa 4. Kusema kweli, kosa hili lilitufundisha zaidi ya vipimo vilivyokwenda sawa, kwa sababu lilionyesha kwamba kila mzunguko una mchango wake na mchango huo una mwelekeo.

Maelezo ya matokeo

Mizunguko: kutoka 20 hadi 60 klipu zinapanda karibu kwa mstari mnyoofu. Mkondo ni uleule, kila mzunguko unaongeza uga wake juu ya ule wa wenzake, na chuma cha msumari kinaukuza uga huo. Baada ya 60 mstari unalala kidogo. Tunadhani sababu ni nafasi: mizunguko ya mwisho ilikuwa sentimita nne hivi kutoka kwenye ncha, na ncha ndiyo tuliyoipima.

Betri: hapa ndipo tulipokosea. Betri mbili hazikuleta klipu 26, zilileta 20. Ukitazama safu ya mkondo utaona kwa nini: betri ziliongezeka mara mbili, lakini ampea zilitoka 1.6 kwenda 2.5 tu. Kila betri ina ukinzani wake wa ndani. Ukipanga betri kwa mfululizo, volti zinajumlishwa, na ukinzani huo nao unajumlishwa. Kwa waya wetu mfupi wenye ukinzani wa nusu omu hivi, mzigo wa ndani ya betri si mdogo hata kidogo. Ukigawanya klipu kwa ampea unapata karibu 8 katika mistari yote mitatu. Kwa hiyo sumaku ilifuata mkondo, haikufuata idadi ya betri.

Tulijaribu pia betri mbili zilizopangwa sambamba. Mkondo ulikuwa ampea 1.9 na klipu 15: volti hazikuongezeka, lakini ukinzani wa ndani ulipungua kwa nusu, kwa hiyo mkondo ulipanda kidogo na klipu zikaufuata.

Mambo yaliyovuruga vipimo

Msumari haukuacha usumaku wote swichi ilipozimwa. Klipu moja au mbili zilibaki zikining'inia. Kabla ya kila kipimo tuliugonga msumari mezani mara kadhaa, kisha tukahakikisha hauinui kitu.

Kwa betri tatu waya ulipata joto la kuufanya mtu aondoe kidole. Betri nazo zinachoka: tuliporudia mizunguko 60 kwa betri moja mwishoni mwa kazi, mkondo ulikuwa 1.4 na klipu 11. Anayerudia mradi huu asiache swichi ikiwa imewashwa anapohesabu, na asitumie umeme wa ukutani kwa hali yoyote.

Klipu zenyewe ni kipimo cha kukisia, maana nyingine zinashikwa na msumari na nyingine zinashikwa na klipu wenzake. Tukipewa muda tena, tutaning'iniza kikopo kwenye kipande cha chuma kinachoshikwa na ncha ya msumari, na kuongeza mchanga kidogokidogo mpaka kianguke, halafu tuupime mchanga kwa mizani.