Sehemu ya 4: Maslahi binafsi na zawadi

Hii inamhusu kila mtu hapa ofisini Arusha, kuanzia dereva wa safari mpaka bosi mwenyewe. Kama unaamua jambo la kampuni na ndani yake kuna ndugu, mchumba au biashara yako, mwambie meneja kabla, usisubiri uulizwe. Mfano shemeji yako ana gereji Njiro na Landkruza zetu zinataka springi: alete kotesheni kama wengine, ila wewe hukai kwenye kuchagua wala husaini invoisi yake. Kuwa na ndugu sio kosa, mji huu tunajuana wote, kosa ni kuficha.

Tipu ya mgeni ni yako. Kamisheni ya duka la vinyago sio yako, inaingia kwa mhasibu siku hiyohiyo.

Kwa sapraya, kalenda au kilo ya kahawa poa, kikizidi 30,000 rudisha kistaarabu, na hela taslimu au ya simu hapana hata buku. Mkungu wa ndizi kuurudisha ni kumvunjia mtu heshima, kwa hiyo unaandikwa kwenye daftari la zawadi halafu unapikwa tunakula wote. Akikupa huku anataka umpitishie tenda, hiyo ni rushwa, Sheria ya mwaka 2007 inakuhusu na TAKUKURU pia.